Mbwa akikimbilia lango kwa sababu ya mlio wa pikipiki, ni klasiko au operanti? Nimepata sufuri kati ya nne

Njiwa_wa_Kahawa · Jumanne, 20:14

Habari wadau. Niko mwaka wa kwanza, saikolojia. Leo tumerudishiwa jaribio la darasani na kuna swali moja limenikaa kooni. Liliuliza hivi: mbwa anasikia pikipiki ya mwenye nyumba ikikaribia, anatoka mbio hadi langoni huku mate yakimdondoka, kisha anapewa mifupa. Je, kujifunza huku ni kondisheni ya klasiko au ya operanti? Nikaandika operanti, kwa sababu mbwa ametenda jambo halafu akapata tuzo. Sufuri kati ya nne. Pembeni kumeandikwa kwa wino mwekundu: "Klasiko. Msome Pavlov."

Nimemsoma. Mbwa wa Pavlov walifungwa mikanda wakasimama mezani, hawakukimbia popote. Sisi hapa Kahawa tuna mbwa anaitwa Bosi, na nilipojibu lile swali nilikuwa namwona yeye. Baba mdogo anarudi na pikipiki saa moja jioni, mifupa ya buchari imefungwa kwenye gazeti. Akiwa bado kwenye kona ya duka la mkaa, Bosi ameshafika langoni. Pikipiki nyingine zinapita kutwa nzima na hata sikio hainui. Sasa kukimbia kwenyewe ni mwitikio kama mate, au ni kitendo?

Fundi_Simu · Jumanne, 20:31

Dada, usijichoshe. Klasiko ni kitu kinachokuja kabla, operanti ni kitu kinachokuja baada. Mlio wa pikipiki umekuja kabla ya mbwa kukimbia, basi ni klasiko. Mhadhiri wako yuko sawa.

Mwalimu_wa_Buru · Jumanne, 21:02

Fundi, umeshika nusu. Tatizo ni kwamba katika zote mbili kuna kitu kabla na kitu baada. Mbwa wa Pavlov alisikia metronomu kabla, akapata chakula baada. Panya wa Skinner, mtafiti wa operanti, anaweza kuona taa ikiwaka kabla, akabonyeza wenzo, akapata chakula baada. Ukiangalia mpangilio wa saa peke yake hutawatofautisha.

Niliwafundisha wa mwaka wa kwanza kwa miaka mingi, na swali nililowapa ni moja tu: chakula kinategemea nini? Kwa Pavlov, chakula kinafuata mlio. Mbwa akidondosha mate, akisinzia, akigeuka upande wa pili, chakula kinakuja. Kwa Skinner, panya asipobonyeza, hakuna kitu. Kwa hiyo usitazame kwanza mbwa anafanya nini. Mtazame mwenye mifupa. Njiwa, tuambie: siku Bosi asipokuja langoni, mifupa inakuja au haiji?

Mama_Pacha_Umoja · Jumanne, 21:20

Mwalimu, nisaidie na langu. Nina pacha wa miaka mitatu. Mmoja alichomwa sindano za chanjo na muuguzi mwenye koti jeupe, na tangu hapo koti jeupe ni vita. Juzi tumeingia buchari, muuza nyama yuko na koti lake jeupe, mtoto amepiga kelele mpaka watu wa nje wakachungulia. Nikamnunulia biskuti anyamaze. Sasa hata tukipita duka la biskuti tu, bila koti lolote, analia. Hiki kilio ni kipi?

Kamanda_wa_Steji · Jumanne, 21:44

Mimi nilikuwa makanga miaka sita, njia ya Thika Road. Dereva wangu nilimfundisha kama huyo mbwa. Ukigonga bodi mara mbili, gari linaondoka. Mara moja, linasimama. Hakuna kufikiri, mguu unakwenda wenyewe. Hiyo ni Pavlov kabisa.

Fundi_Simu · Jumanne, 21:50

Kamanda, ukiitwa kwenye harusi utagonga meza mara mbili ili chakula kiletwe.

Mwalimu_wa_Buru · Jumanne, 22:27

Naanza na Mama Pacha, maana ana vilio viwili ndani ya mtoto mmoja na watu wengi wanavichanganya.

Kilio cha buchari: koti lilitangulia, sindano ikafuata, na mtoto hakuwa na la kufanya la kuizuia wala kuileta. Koti limebeba hofu ya sindano, halafu hofu ikamwagikia makoti yote yanayofanana, hata la mtu anayekata mbavu. Kilio cha duka la biskuti ni kingine. Pale kilio ndicho kilicholeta biskuti. Mtoto amegundua kwamba ukilia, mkono wa mama unaingia mfukoni.

Utavitofautishaje kwa macho? Mpe biskuti katikati ya kilio. Cha duka kitakatika hapohapo, machozi hayajakauka na mdomo unatafuna. Cha buchari hakitakatika kirahisi. Ataishika biskuti mkononi huku bado anajificha kwenye sketi yako. Cha duka kinapungua usipokilipa, lakini jiandae, siku za kwanza kitapanda kabla hakijashuka. Cha koti hakipungui kwa kunyimwa biskuti, kwa kuwa biskuti haikukianzisha. Kinapungua mtoto akiona koti jeupe mara nyingi bila sindano, kwa mbali kwanza, ukiwa umembeba.

Kamanda, mguu wa dereva hauendi wenyewe. Angeondoka kabla hujagonga, abiria mmoja angekuwa na mguu nje na wewe ungebaki barabarani. Akiondoka baada ya kugonga, safari inaenda vizuri. Mlio wa bodi unamwambia sasa ndio wakati ambapo kuondoka kunalipa. Kitendo ni chake na matokeo yanategemea kitendo. Hiyo ni operanti yenye ishara. Ishara kutangulia hakuigeuzi kuwa klasiko.

Mama_Pacha_Umoja · Jumanne, 22:35

Anajificha kwenye sketi. Ni hivyohivyo kabisa. Asante sana Mwalimu.

Kamanda_wa_Steji · Jumanne, 22:41

Nimekubali la bodi. Lakini basi nipe hili. Niliacha kazi miaka miwili iliyopita, nauza viatu sasa. Nikisikia filimbi ya trafiki moyo unadunda na viganja vinalowa. Sina gari, sina abiria, sina kosa. Hiyo nayo nalipwa nini?

Mwalimu_wa_Buru · Jumanne, 22:48

Hulipwi kitu. Hiyo ndiyo klasiko yako, na ni mfano bora kuliko ule wa bodi. Filimbi ilitangulia msukosuko mara nyingi, na moyo wako hauhitaji ruhusa yako kudunda.

Mfunzi_wa_Mbwa_Ngong · Jumatano, 06:12

Nafundisha mbwa wa ulinzi, nimesoma uzi wote asubuhi hii. Kwa heshima zote, Njiwa yuko sawa na mhadhiri amekosea. Mate ni ya Pavlov, hilo sibishi. Lakini kukimbia ni misuli ya miguu, ni kitendo cha hiari, na mbwa hukimbia kwa sababu kukimbia kunalipa. Mimi kila siku nawafundisha kuja kwa kuwalipa kipande cha ini. Usipolipa wanaacha. Mambo ya tumbo na tezi ni klasiko, mambo ya mikono na miguu ni operanti. Nimetumia kanuni hii miaka yote na haijaniangusha.

Njiwa_wa_Kahawa · Jumatano, 07:05

Mwalimu, jana usiku nilimuuliza baba mdogo swali lako. Akanitazama, akasema, "Mimi naweka mifupa kwenye sufuria yake nyuma ya jikoni. Awe langoni, awe amelala, mifupa ni yake." Na nikakumbuka ni kweli. Langoni hapati chochote. Anakimbia mpaka pale, kisha anarudi na pikipiki taratibu hadi jikoni. Kumbe mbio zake hazileti mifupa!

Fundi_Simu · Jumatano, 07:11

Basi nilikuwa sahihi tangu jana. Klasiko.

Mwalimu_wa_Buru · Jumatano, 13:20

Ulifika nyumba sahihi kwa njia isiyo yake, Fundi. Mfunzi, kanuni yako ya tezi na misuli ilikuwa ikiaminiwa na wakubwa pia. Skinner mwenyewe miaka ya 1930 aliielekea. Iliyumbishwa na njiwa.

Mwaka 1968 Brown na Jenkins waliweka njiwa mwenye njaa kwenye kisanduku chenye kitufe ukutani. Kitufe kinawaka sekunde 8, kinazimika, chakula kinakuja. Njiwa hatakiwi kufanya lolote. Chakula kinakuja hata akikaa kama jiwe. Lakini baada ya muda njiwa walianza kukisogelea kitufe na kukidonoa. Kudonoa ni shingo na misuli, si tezi, na hakuna aliyewalipa kwa kudonoa. Taa ilikuwa imebeba chakula, nao wakaiendea taa kama wanavyoiendea punje.

Ndiyo maana nasema usihukumu kwa sura ya kitendo. Mbwa wawili wanaweza kukimbia sawasawa, mwili uleule, mkia uleule, mmoja akiwa anafuata ishara ya mifupa na mwingine akiwa anaifanyia kazi.

Mfunzi_wa_Mbwa_Ngong · Jumatano, 13:58

Nimekusikia, lakini hujanishinda bado. Baba mdogo hakukusudia kulipa mbio, sawa. Lakini mbwa hajui makusudio. Kila jioni amekimbia, na kila jioni dakika chache baadaye amekula. Skinner mwaka 1948 aliwapa njiwa chakula kila baada ya muda uleule, wafanye wasifanye, na wengi wakaishia na mizungu yao: mmoja alizunguka kinyume cha saa, mwingine alirusha kichwa kwenye kona. Alisema chakula kiliangukia kitendo kwa bahati na kukitia nguvu. Kwa nini mbio za Bosi zisiwe hivyo? Njiwa wa kitufe pia: alidonoa mara ya kwanza kwa bahati, chakula kikaja, akaendelea.

Mwalimu_wa_Buru · Jumatano, 14:30

Hilo ndilo pingamizi zuri kuliko yote, na wengine waliliona. Mwaka 1969 Williams na Williams walirudia jambo lilelile, wakaongeza sharti moja: njiwa akidonoa kitufe, taa inazimika na chakula cha zamu hiyo kinafutwa. Asipodonoa, anakula. Kama kudonoa kunaendeshwa na malipo, hata ya bahati, kungekufa, kwa sababu sasa kunamgharimu mlo. Wengi waliendelea kudonoa kwa wingi, zamu baada ya zamu, wakijinyima wenyewe.

Miaka minne nyuma yake, 1965, Sheffield alikuwa amefanya vivyo hivyo na mate ya mbwa. Mlio, kisha chakula, ila mate yakitoka kabla ya chakula, chakula kinafutwa. Mate hayakukoma.

Hiki ndicho kipimo. Geuza malipo yapingane na kitendo. Kikipotea haraka, kilikuwa kinaishi kwa malipo. Kikikaidi, kinaishi kwa ishara.

Njiwa_wa_Kahawa · Jumatano, 14:41

Naweza kumjaribu Bosi?

Mwalimu_wa_Buru · Jumatano, 15:16

Unaweza, mradi hakai na njaa. Ugali wake wa saa tatu usiku abaki nao kila siku, tunagusa mifupa tu. Kwanza siku sita usibadilishe kitu. Andika kama alikimbia na kama mate yalionekana. Kisha weka sharti: akifika langoni kabla ya pikipiki kuzimwa, hakuna mifupa jioni hiyo. Asipofika, mifupa inawekwa kwenye sufuria kama kawaida.

Wazuie watoto wa ploti wasimpapase langoni, maana kupapaswa nako ni malipo na kutaharibu hesabu. Na piga mstari wa chaki chini, mita moja kutoka langoni. Mguu ukivuka mstari, amefika. Bila mstari mtabishana kila jioni, na baba mdogo atamhurumia.

Mkulima_wa_Utawala · Jumatano, 19:03

Samahani kwa kuingilia. Huyo Bosi akinyimwa mifupa, hiyo si ndiyo inaitwa uimarishaji hasi? Binti yangu anasoma somo hilohilo, ameniambia hasi ni adhabu. Kama gari langu linavyopiga kelele nisipofunga mkanda, linaniadhibu.

Mwalimu_wa_Buru · Jumatano, 19:25

Mwambie binti asahau neno "baya" akisikia "hasi". Hasi ni kuondoa. Kelele ya gari inaondoka ukifunga mkanda, na kesho unafunga haraka zaidi. Kitendo cha kufunga kimepata nguvu, kwa hiyo ni uimarishaji, na ni hasi kwa kuwa kitu kimeondolewa. Bosi naye kuna kitu kimeondolewa, lakini lengo ni kitendo kipungue. Hiyo ni adhabu ya kunyima. Tazama kitendo kinapanda au kinashuka, ndipo uchague neno.

Mkulima_wa_Utawala · Jumatano, 19:40

Nimeelewa. Kuku wangu nao wakisikia ndoo wananifuata kwa kundi. Nitaleta siku nyingine.

Kamanda_wa_Steji · Jumapili, 10:15

Njiwa, vipi mbwa? Tunasubiri.

Njiwa_wa_Kahawa · Jumapili, 11:02

Bado siku za kawaida. Usiku wa leo ni wa nne. Mistari ya chaki ninayo tayari.

Njiwa_wa_Kahawa · Ijumaa (wiki mbili baadaye), 21:30

Wadau, nimerudi na daftari. Siku sita za kawaida alikimbia zote sita, mate siku zote sita.

Baada ya sharti: jioni nne za kwanza alivuka mstari zote, hakula mifupa hata moja. Ya nne ilikuwa ngumu kutazama. Alipoona sufuria tupu alirudi langoni mwenyewe, akaanza kukwaruza bati na kulia kwa sauti nyembamba ambayo sijawahi kuisikia kwake. Baba mdogo alitaka kuacha. Ya tano ilinyesha, hakutoka kwenye stoo, akala. Ya sita na ya saba alikimbia tena.

Ya nane ndiyo iliyonishangaza. Alitoka mbio kama kawaida, akafika kwenye tangi la maji, katikati ya uwanja, akasimama. Mguu mmoja wa mbele umeinuliwa. Mwili wote unatetemeka, mate yanaanguka kwenye saruji tone moja moja, macho kwa lango. Pikipiki ikazimwa, akabaki palepale. Akala. Ya tisa hivyohivyo. Ya kumi, leo, amekimbia mpaka mwisho.

Kwa hiyo kumi: amekimbia saba, hakufika tatu, na moja kati ya hizo tatu ni mvua. Mate nimeyaona kila jioni niliyoweza kumwona, isipokuwa ya mvua.

Fundi_Simu · Ijumaa, 21:44

Amesimama kwenye tangi! Amejua kukimbia kunamkosesha. Hiyo ni operanti mchana kweupe. Nabadilisha msimamo.

Mama_Pacha_Umoja · Ijumaa, 21:52

Mimi nimemhurumia pale aliposimama na mguu mmoja. Kama mtu anayevutwa mikono miwili.

Mwalimu_wa_Buru · Ijumaa, 22:20

Mama Pacha ameliona sawasawa. Mimi nasoma hivi: mbwa amelipia mbio zake milo saba ya mifupa na bado leo amekimbia. Mazoea ya malipo peke yake yangekuwa yamelegea zaidi. Mlio unamvuta, na hiyo ni klasiko. Lakini kule kusimama kwenye tangi kumeanza kujifunzwa kwa sababu kunaleta mifupa, na hiyo ni operanti. Zote mbili zinafanya kazi kwenye mwili mmoja, jioni moja. Mate hayakuyumba kwa sababu sharti halikuyagusa.

Mfunzi_wa_Mbwa_Ngong · Ijumaa, 22:51

Mwalimu, ruhusu nipinge kote. Kwanza, mbwa amefanya hivi kwa muda gani kabla? Kama ni miaka miwili, jioni kumi si kitu. Nina mbwa wanaochukua zaidi ya mwezi kuacha tabia iliyolipwa muda mrefu. Kwa hiyo kukaidi kwake si ushahidi wa Pavlov. Ni ukongwe wa mazoea.

Pili, na hili limeniwasha tangu nilisome: ulipoweka sharti hukubadilisha malipo ya mbio peke yake. Zamani mlio ulifuatwa na mifupa kila siku. Sasa umefuatwa na mifupa jioni tatu kati ya kumi. Mlio wenyewe umepoteza uzito! Hata kama mbio ni klasiko tupu, zinatakiwa kupungua. Basi kule kusimama kwenye tangi kunaweza kuwa klasiko inayodhoofika, wala si operanti inayoanza.

Mwalimu_wa_Buru · Ijumaa, 23:05

Umenibana, na ni haki. Hilo la pili wenye maabara hulitatua kwa mnyama wa pili aliyefungwa kwenye hesabu ya wa kwanza. Mbwa wa pili anasikia pikipiki ileile, na anapewa mifupa jioni zilezile ambazo Bosi amepewa, yeye afanye atakavyo. Mlio umepoteza uzito sawa kwa wote wawili. Kama Bosi anapunguza mbio na mwenzake hapunguzi, tofauti hiyo imetoka kwenye sharti.

Mfunzi_wa_Mbwa_Ngong · Ijumaa, 23:12

Hapo tunaelewana. Na kuhusu mate kuwa ya klasiko daima, kumbuka Miller na Carmona mwaka 1967. Waliwapa maji mbwa wenye kiu: kundi moja kwa kutoa mate zaidi, jingine kwa kutoa machache. Mate yakapanda kwa hawa na kushuka kwa wale. Kwa hiyo hata tezi inaweza kufuata malipo.

Mwalimu_wa_Buru · Ijumaa, 23:19

Ni kweli walipata hivyo. Lakini swali lililobaki ni kama mbwa alidhibiti mate yenyewe, au alibadilisha utulivu wa mwili na mate yakafuata. Kwa chakula Sheffield alipata ukaidi, kwa maji hawa wakapata utii. Wanafunzi wangu walikuwa wanagawanyika hapo kila mwaka.

Kamanda_wa_Steji · Ijumaa, 23:26

Kwa hiyo mimi nikijifunza kupumua polepole nikisikia filimbi, moyo ukatulia, nimeushika moyo au nimeshika pumzi?

Mwalimu_wa_Buru · Ijumaa, 23:30

Hilo ndilo swali lenyewe, Kamanda.

Njiwa_wa_Kahawa · Jumamosi, 08:40

Asanteni wote. Alhamisi nilimpelekea mhadhiri daftari. Alisoma mpaka mwisho, akauliza kwa nini sikutenganisha mate na mbio kwenye jibu langu, maana swali lilikuwa na vyote viwili. Nikamwambia nalo swali halikuvitenganisha. Akanyamaza kidogo, akaandika mbili juu ya ile sufuri. Kwamba mbio ni ipi kati ya hizo mbili hakusema.

Mfunzi, Bosi tumempata akiwa mdogo, ana miaka mitatu sasa. Na wa pili tunampata wapi? Jirani wa nyumba ya tano ana jike anaitwa Malkia, lakini hajawahi kula mifupa ya baba mdogo, mlio wa pikipiki hauna maana kwake.

Mfunzi_wa_Mbwa_Ngong · Jumamosi, 09:02

Basi anza naye upya. Mpe Malkia mifupa kila jioni baada ya mlio, wiki tatu, wakati Bosi amerudishwa kwenye hali ya kawaida. Akishaanza kukimbia naye, ndipo mnaweka sharti kwa Bosi tena na kumfunga Malkia kwenye hesabu yake. Hawatakuwa sawa, mmoja ana miaka na mwingine wiki, lakini utaona kitu. Ila wasione sufuria ya mwenzake, na kila mmoja awe na mstari wake wa chaki.

Njiwa_wa_Kahawa · Jumamosi, 09:15

Baba mdogo anauliza mifupa ya mbwa wawili italipwa na nani.

Mama_Pacha_Umoja · Jumamosi, 09:21

Yule muuza nyama wetu wa koti jeupe hutupa mifupa kila jioni. Nitamwomba aniwekee, nipitie na mtoto kwa mbali, nimembeba. Juzi tulifika mpaka mlango wa duka la pili bila kulia.